Wakala anataka slipu za mshahara kabla ya ofa. Nimpe?

Habari za kazi kaka,

Natafuta kazi nyingine nikiwa bado kwenye hii niliyonayo. Wakala wa ajira alinitafuta, nimefanya usaili mara mbili na kampuni anayoitafutia mtu, na mara ya pili nilionana na mkuu wa idara mwenyewe. Naona walinikubali. Jana wakala ameniandikia: "Ili tuendelee, tuma slipu zako za mshahara za miezi mitatu ya mwisho kabla ya Ijumaa." Mshahara wangu wa msingi tuuite 100. Walipouliza nataka ngapi nilisema 150, na sikutaja ninachopata sasa kwa sababu hawakuniuliza. Kazi hiyo ni kubwa kuliko ninayofanya, na hapa nilipo nimekaa muda mrefu bila nyongeza ya maana. Naogopa nikituma slipu watanipa 115 na mjadala uishe. Nikikataa wataona nina la kuficha. Mwenzangu kazini anasema nibadilishe tarakimu kwenye PDF, eti kila mtu anafanya hivyo. Nijibu nini?

Mwenye Slipu Ndogo

Dada, usitume bado, na wala usikatae. Kinachofaa ni kuisogeza slipu mbele, kutoka kabla ya ofa hadi baada ya ofa. Slipu ikifika kabla ya ofa, inakupangia bei. Ikifika baada ya ofa ya maandishi, inathibitisha tu kwamba kweli unafanya kazi ulikosema unafanya.

Tuanze na huyo wakala, kwa sababu ndiye utakayemjibu. Nimefanya kazi ya uwakala, kisha nikakaa miaka ndani ya idara ya rasilimali watu, kwa hiyo najua kinachomhangaisha. Mara nyingi wakala hulipwa na mwajiri, na ada yake huwa ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyeajiriwa. Ukilipwa vizuri, naye anapata zaidi kidogo. Hofu yake kubwa iko kwingine: akufikishe mwisho, mteja atoe ofa, halafu wewe uikatae, au uende nayo kwa bosi wako wa sasa kuombea nyongeza. Hapo anarudi mikono mitupu, na mteja anamwona mbabaishaji. Slipu inamsaidia kukisia ni kiasi gani kitakufanya useme ndiyo. Kwa hiyo usipompa slipu, mpe jibu la swali hilohilo kwa njia nyingine: kiasi utakachokubali, na hakikisho kwamba ukipewa hicho unahama kweli.

Mteja naye ana sababu zake, na hazifanani kila mahali. Kuna anayepanga ofa kwa kuchukua mshahara wako wa sasa na kupachika asilimia juu yake. Kuna anayetaka kuhakikisha kwamba hujabuni mwajiri. Na kuna ambaye fomu yake ina nafasi iliyoandikwa "slipu za miezi mitatu" tangu zamani, na hakuna anayekumbuka nani aliiweka. Ujumbe uliotumiwa hauonyeshi wewe umeangukia kwa yupi, ndiyo maana kabla ya kuandika lolote ningepiga simu. Simu ya dakika tatu inatosha. Useme hivi: "Nimeuona ujumbe wako, asante. Nisaidie kidogo nielewe: hizi slipu ni za kupangia ofa au za kuhakiki ajira? Na ni mteja aliyeziomba, au ni utaratibu wa ofisi yenu?" Ukishauliza, nyamaza. Usianze kujieleza wala kuomba radhi.

Akisema "ni utaratibu wetu tu," kazi yako imekuwa nyepesi, maana utaratibu wa ofisi yake anaweza kuulegeza mwenyewe. Akisema mteja anataka uhakiki, basi hoja ya kuzileta baada ya ofa inakaa vizuri kabisa, kwa sababu uhakiki hauharibiki kwa kusubiri wiki moja. Akisema waziwazi kwamba mteja anataka kuona ulipo ndipo apange, usikasirike. Amekuambia ukweli, na sasa unajua kwamba shughuli yako ni kumpa mteja kipimo kingine cha kupangia.

Hapo ndipo lazima tuzitazame hizo tarakimu zako, kwa sababu nina wasiwasi kwamba hata wewe unaitazama slipu yako kwa jicho la mwajiri. Unasema uko kwenye 100 na umeomba 150, kwa hiyo unajiona umeomba nyongeza ya asilimia 50, na unaona haya. Tuifungue slipu ya mtu wa kazi kama yako. Juu kabisa kuna mshahara wa msingi, 100. Chini yake kuna posho ya usafiri, tuseme 12, hivyo mshahara ghafi ni 112. Kisha yanakuja makato: kodi na mchango wa pensheni 27, mkopo 14. Mwisho kabisa, kwa herufi nzito, kinachoingia benki: 71.

Anayeifungua slipu hiyo kwa haraka ataangalia mstari wenye herufi nzito. Akilinganisha 71 na 150, utaonekana umeomba zaidi ya mara mbili. Lakini 71 imeshakatwa kodi na mkopo wako binafsi, ilhali 150 ni ghafi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza kama umevilinganisha vizuri. Sasa ongeza visivyoonekana. Kama mwishoni mwa mwaka unalipwa bonasi ya 96, hiyo ni sawa na 8 kila mwezi, na kwenye slipu za miezi mitatu ya katikati ya mwaka haipo hata alama yake. Kama mwajiri wako anawalipia wanao bima ya afya na huko uendako utailipa mwenyewe kwa 10 kila mwezi, hiyo nayo ni hasara ya kuhama ambayo slipu haitaji. Kwa hiyo unachokiacha si 100. Ni 112 na 8 na 10, yaani 130. Kutoka 130 kwenda 150 ni nyongeza ya takriban asilimia 15, tena kwa kazi kubwa zaidi. Maombi ni yaleyale.

Fanya hesabu hiyo kwa tarakimu zako halisi kabla ya Ijumaa, na uifanye kwa haki. Usihesabu kitu ambacho kazi mpya nayo itakupa. Ikiwa nao wanatoa bonasi au wanailipia familia bima, viondoe pande zote mbili. Bonasi iliyotegemea matokeo ya kampuni usiihesabu kana kwamba ni ya uhakika. Chukua uliyolipwa mara ya mwisho na useme hivyo. Makosa hapa yatakugeukia siku ya uhakiki.

Kuna jambo jingine linalokupa nguvu, nalo ni kwamba huu mtindo wa kupanga mshahara mpya kwa kuangalia wa zamani umeshapingwa hadi mahakamani. Aileen Rizo aliajiriwa mwaka 2009 na ofisi ya elimu ya kaunti ya Fresno, California, kama mshauri wa ufundishaji wa hesabu. Ofisi hiyo ilikuwa na kanuni: chukua mshahara wa mwisho wa mwombaji, ongeza asilimia 5, kisha mpachike kwenye ngazi inayokaribiana na hapo. Mwaka 2012, katika mazungumzo na wenzake, akagundua kwamba mwanamume aliyeajiriwa baada yake kwa kazi ileile alianzia ngazi ya juu zaidi. Kesi ilikwenda, ikarudi, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ya Marekani ikaamua kwamba mshahara wa zamani hauwezi kutumika kuhalalisha mwanamke kulipwa chini ya mwanamume kwa kazi ileile. Kanuni ya asilimia 5 ilimhusu kila mwombaji bila kubagua, na hapo ndipo ubaya wake ulipojificha: aliyeanza chini alikuwa anahama na uchini wake.

Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika Julai 2018, inayomkataza mwajiri kuulizia mshahara wa zamani kabla hajatoa ofa yenye kiasi ndani yake. Baada ya ofa anaruhusiwa kuthibitisha. California nayo, tangu Januari 2018, inamzuia mwajiri kuuliza yeye mwenyewe au kupitia wakala. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2023, namba 2023/970, linalowazuia waajiri kuuliza historia ya malipo ya mwombaji, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Hukuniambia uko wapi, kwa hiyo angalia sheria ya mahali kazi ilipo kabla hujaitaja kwa wakala. Na hata kama sheria iko upande wako, usiianze nayo. Mtu akitajiwa sheria kwenye ujumbe wa kwanza anaacha kukusaidia na kuanza kujilinda. Mimi ninachokiona cha maana kwako ni ule mpangilio wa Massachusetts: ofa kwanza, uthibitisho baadaye. Ni mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kuuomba popote, hata pasipo na sheria.

Sasa ujumbe. Baada ya simu, siku hiyohiyo, mwandikie barua pepe ambayo anaweza kuisukuma kwa mteja kama ilivyo bila kuihariri. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu wakala akilazimika kukueleza kwa maneno yake, atasema "amekataa slipu." Ukimwandikia mwenyewe, mteja atayasoma maneno yako:

"Asante kwa mazungumzo ya leo. Bado naihitaji nafasi hii, na baada ya kuonana na mkuu wa idara naihitaji zaidi. Kuhusu malipo, natarajia 150 ghafi kwa mwezi. Kiasi hicho kinatokana na majukumu tuliyoyazungumza, hasa kuongoza timu na kusimamia bajeti, ambayo hayamo katika kazi yangu ya sasa. Ofa ya kiasi hicho ikija, niko tayari kuikubali na kutoa notisi yangu ya mwezi mmoja. Slipu zangu nitazileta kwa ajili ya uhakiki mara ofa ya maandishi itakapotoka, na sina pingamizi ofa hiyo ikiandikwa kwamba inategemea uhakiki huo. Kama nafasi hii ina kiwango cha mshahara kilichopangwa, naomba kukijua, ili nisiwapotezee muda iwapo tuko mbali."

Majukumu badilisha yawe yale mliyozungumza kweli, na notisi iwe ile iliyo kwenye mkataba wako. Ukiisoma tena utaona hakuna mahali umesema "hapana." Umesema lini. Sentensi inayobeba mzigo ni ile ya "niko tayari kuikubali", ambayo inamtoa wakala ile hofu yake. Lakini usiiandike kama si kweli. Ile ya mwisho, inayouliza kiwango cha nafasi, inamrudishia mteja swali lake kwa upole: kama anataka kujua uko wapi, naye aseme kazi yake iko wapi. Mara nyingi jibu linalokuja ni la kawaida kabisa, "sawa, ngoja nimwambie mteja," na slipu haisikiki tena hadi wiki ya mkataba.

Mara nyingine hailegei. Wakala atakupigia aseme mteja ameshikilia, bila slipu hawaendelei. Hapo usiruke moja kwa moja hadi kutuma kila kitu, kwa maana kuna hatua za katikati. Ya kwanza ni kutaja kiasi kwa maneno yako badala ya kutoa karatasi. Unaandika: "Jumla ya malipo yangu ya sasa, yaani mshahara, posho, bonasi ya mwaka jana na bima ya familia, ni sawa na 130 kwa mwezi." Umesema kweli, umeitaja jumla kwa jina lake na vipande vyake, na mteja anapata kipimo ambacho wewe ndiye uliyekipanga. Kuna washauri watakaokwambia usitaje kamwe. Mimi naona kwa mtu ambaye ameshataja anachotaka na ameshapita usaili mara mbili, kutaja jumla iliyo sahihi kunamgharimu kidogo, na kunaweza kuwa ndiko kunakofungua mlango. Angekuwa bado hajaitwa hata kwenye usaili wa kwanza, ningemwambia anyamaze.

Kama hawatosheki na maneno, toa slipu moja ya karibuni badala ya tatu, ikiwa imefichwa yasiyowahusu, pamoja na mistari miwili ya kueleza bonasi na bima ambazo hazimo. Kabla ya hapo soma mkataba wako wa sasa na sera za ofisi, kwa kuwa kuna waajiri wanaohesabu viwango vya malipo kuwa siri ya kampuni. Ukikuta kifungu cha namna hiyo, una sababu ya kweli ya kusubiri, na inaheshimika: "Mkataba wangu una kifungu cha usiri kuhusu malipo, naomba tulimalize hili wakati wa ofa." Usikitaje kama hakipo. Na usikubali wampigie mwajiri wako kuulizia mshahara kabla ya ofa. Huko ni kukuchomea kazi unayoila leo kwa ajili ya ambayo bado hujapewa.

Kuficha yasiyowahusu kunahitaji uangalifu, na hapa watu wengi wanaumbuka. Slipu ina namba ya akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, namba ya pensheni, na makato ambayo yanasimulia maisha yako: mkopo, mchango wa chama, labda amri ya mahakama ya matunzo. Hakuna hata kimoja kinachohitajika kupanga ofa. Sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi, pamoja na ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimejengwa juu ya kanuni kwamba mtu akusanye taarifa zinazolingana na lengo lake, zisizidi hapo. Acha wazi jina lako, jina la mwajiri, mwezi, mshahara wa msingi, posho na jumla ghafi. Vingine funika.

Ila usifunike kwa kuchora kisanduku cheusi juu ya PDF na kuituma hivyo. Kisanduku hicho mara nyingi kinakaa juu ya maandishi kama kitambaa juu ya sahani, na chini yake kila kitu kipo. Jaribu mwenyewe: fungua faili uliyofunika, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, halafu ubandike kwenye ukurasa mtupu wa maandishi. Namba ya akaunti ikitokea hapo, hukuficha kitu. Njia rahisi ni kuichapisha, kufunika kwa wino mzito, kuipiga picha na kutuma picha hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba wino hauonyeshi kilicho chini ukiiinua kwenye mwanga. Ukipenda kompyuta, funika kisha piga picha ya skrini, ukatume picha badala ya faili lenyewe. Na umwambie mpokeaji kwamba umefunika taarifa za benki na za binafsi, asije akadhani umechezea tarakimu.

Ambalo linanileta kwa huyo mwenzako wa PDF. Achana naye kabisa kwenye hili. Slipu si tarakimu moja. Pensheni hukatwa kwa asilimia ya mshahara, kodi hupanda kwa ngazi, na slipu nyingi zina safu ya jumla ya tangu mwaka uanze. Ukiinua 100 iwe 130 na kuacha vingine, mtu wa mishahara ataigundua bila hata kutafuta, kwa sababu pensheni itakuwa ni asilimia isiyokuwepo popote. Nimewahi kuletewa slipu ya namna hiyo. Safu ya jumla ya mwaka ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa mwezi ukizidishwa kwa miezi iliyopita, na mwombaji alikuwa amekwisha kushinda usaili wote. Alipoteza kazi ambayo angeipata hata kwa slipu yake ya kweli. Na hata ikipita leo, nchi nyingi zina hati ya kodi ambayo mwajiri wa zamani huitoa unapoondoka, ikionyesha ulicholipwa, na mpya anaihitaji ili akukate sawasawa. Inafika mezani kwake umeshaacha kazi ya kwanza, na hati ya kughushi ni sababu ya kufukuzwa bila notisi. Tena inaweza kuwa jinai.

Jambo dogo la usalama, ingawa kwako sidhani kama lina shida, kwa kuwa umeonana na mkuu wa idara: mtu anayeomba slipu kabla ya usaili wowote, kwa anwani ya barua pepe isiyo ya kampuni, pengine pamoja na nakala ya kitambulisho na taarifa ya benki, ana kila kitu kinachohitajika kuombea mkopo kwa jina lako. Huyo hajibiwi. Hata kwa wakala wa kweli, uliza nani ataiona slipu na itafutwa lini usipoajiriwa.

Ukomo wa ushauri wangu ni huu. Kuna waajiri, hasa mashirika makubwa yenye ngazi za mishahara na baadhi ya taasisi za fedha, ambao hawatasogea hata inchi. Slipu tatu au basi. Wakala hawezi kuwalainisha, na wewe ukiwabana utakuwa unapigana na fomu. Kwa hao, uamuzi unakuwa wa hesabu tu: tuma slipu na ile hesabu yako ya 130 kwenye ukurasa mmoja, mshahara unaoomba ukiwa umeandikwa juu yake, na uwe umejua mapema ni kiasi gani ukipewa utasema hapana. Kwako naona ofa ya 115 ni hapana bila kufikiri, kwa sababu iko chini ya 130 unayoiacha. Ofa ya 135 ni ya kufikiriwa, ikiwa cheo kitakupeleka mbali na bima yao ni nzuri. Mwajiri akisema "tumekuongezea asilimia 15 juu ya mshahara wako," mjibu kwa ile jumla, si kwa mstari wa msingi: "Asante. Kutoka kwenye jumla ya 130, asilimia 15 inafika karibu na 150 niliyoiomba. Tunaweza kukutana hapo?"

Na wakikuambia kwamba wameahirisha mchakato kwa sababu ya slipu, subiri siku chache kabla ya kulia. Mkuu wa idara aliyekaa nawe kwenye usaili ana nafasi isiyo na mtu na kazi inayorundikana. Mara kadhaa nimeona ni yeye anayekwenda rasilimali watu kuuliza mbona yule dada hajaletewa barua.

Ofa ikishatoka, isome mpaka chini. Itakuwa na sentensi inayosema inategemea uhakiki wa ajira, marejeo, pengine na vipimo vya afya. Hapo sasa tuma slipu, tena siku hiyohiyo, maana uliahidi. Lakini barua ya kuacha kazi iache ndani ya droo hadi wakuandikie kwamba uhakiki umekamilika na ofa haina tena masharti. Wakikuharakisha utoe notisi kabla ya hapo, waambie tarehe yako ya kuanza inahesabiwa kutoka siku watakapothibitisha kwa maandishi, na uwaulize hiyo itakuwa lini.